Mgonjwa wa 2216

Ofisini kwetu tulimwita Dada Nani, na mwanzoni hatukumwita hivyo kwa upendo. Kazi yake ni kukagua msimbo wa programu tunaouandika sisi wengine kabla haujaingia kwenye mfumo, na swali lake ni lile lile kila siku: "Nani anaita?" Unawasha mashine asubuhi, chai bado ya moto, unakuta ameshaliandika chini ya mstari wako wa kumi na tisa. Hakuna salamu, hakuna pongezi.

Tunatengeneza mfumo wa zahanati. Mgonjwa akipimwa, majibu yake huingia kwenye seva, naye huyasoma kwa simu. Kila kitu ambacho simu inaweza kuiomba seva kina anwani yake, nasi anwani hiyo tunaiita mlango. Kuna mlango wa miadi, mlango wa dawa, mlango wa majibu. Kabla mlango haujatoa chochote, unatakiwa kujua anayebisha hodi ni nani, na kama anachokiomba ni haki yake. Ni mistari miwili mitatu ya msimbo, ndiyo maana husahaulika.

Yeye alijifunza kazi hii ukubwani. Kabla ya hapo alikaa miaka kumi na mitatu kwenye masjala ya hospitali, akitoa na kupokea mafaili dirishani. Miwani yake ina kamba shingoni, chakula chake huja ndani ya kopo la siagi, na hula huku akisoma makosa yetu. Katika majaribio yake yote ana mgonjwa mmoja wa kubuni, namba 2216. Tulimtania kwamba ndiyo namba anayochezea bahati nasibu. Alikuwa akicheka kidogo, kisha anaendelea kutafuna.

Sasa niseme habari za Alhamisi ile, na nitazisema kwa hasira kwa sababu hazijanitoka, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Mwenzetu mmoja tunamwita Mwepesi, maana huandika haraka kuliko tunavyosoma. Alikuwa ameandika mlango mpya wa kuchapisha majibu, na bosi alikuwa ameziahidi zahanati kwamba Jumatatu asubuhi utakuwa tayari. Kanuni yetu inataka badiliko lipate saini za wakaguzi wawili. Na hapa ndipo ilipo aibu yetu: tulikuwa na mtindo wa kupeana saini. Leo unanipitishia mimi, kesho nakupitishia wewe. Mwepesi aliponigusa bega nilifungua badiliko lake, nikaona kijani cha mistari iliyoongezwa na wekundu kidogo wa iliyofutwa, yote imepangika vizuri. Nikaandika "Safi sana," nikatia saini, nikarudi kwenye shughuli zangu. Sikutumia hata dakika nne.

Kitu kilichosahauliwa hakina rangi. Hakionekani kijani wala chekundu, kwa sababu hakipo. Milango yetu ya zamani yote imo katika kundi moja, na ukaguzi wa anayebisha hodi umewekwa juu ya kundi zima. Mwepesi aliuweka mlango wake katika faili jipya, nje ya kundi. Hakufuta ulinzi wowote. Aliupita pembeni bila kujua. Alipoujaribu ulifanya kazi, kwa kuwa tayari alikuwa ameingia kwa akaunti yake. Hakuna aliyeujaribu kama mtu baki.

Dada Nani aliujaribu hivyo. Alizuia badiliko, na bosi akaja mezani kwake uso umekunjamana.

"Dada, huu mlango unaitwa na programu yetu tu. Nani mwingine ataijua hiyo anwani?"

Hakubishana naye. Alichukua simu yake, ambayo haikuwa imeingia kwenye akaunti yoyote, akaandika anwani ya seva yetu ya majaribio na namba 2216 mwishoni. Majibu yakafunguka: jina, umri, kipimo, ugonjwa. Akabadilisha namba kuwa 2217. Yakafunguka mengine.

"Hao ni wagonjwa wa kubuni," bosi alisema.

"Jumatatu hawatakuwa wa kubuni."

Mwepesi, mtu muungwana kwa kweli, aliona haya, akarekebisha palepale. Baada ya robo saa akasema tayari, sasa asiyeingia kwenye akaunti anafukuzwa. Bosi akapumua. Dada Nani akazuia tena.

"Umemuuliza kama ameingia, mdogo wangu. Hujamuuliza hilo faili ni la nani." Akaingia kwa akaunti ya mgonjwa mmoja wa majaribio, akaomba majibu ya 2216, akapewa yote. "Huyu tunamjua ni nani. Lakini anasoma ya mwenzake."

"Nani atakaa abadilishe namba moja moja?" bosi akasema, na sasa sauti ilikuwa imepanda. "Tutaongeza hilo wiki ijayo. Wewe umezoea masjala, kila kitu mpaka mhuri. Huku ni kazi ya kasi." Kisha akamgeukia fundi wa programu ya simu aliyekaa kwenye kona. "Tia saini wewe. Ya kwanza tayari ipo. Zikitimia mbili nitaondoa kizuizi chake."

Ya kwanza ilikuwa yangu. Nilihisi masikio yanapata moto. Watu elfu kumi na mbili walikuwa na majibu yao ndani ya mfumo ule: wenye mimba ambazo hawajamwambia mtu, wenye maradhi wanayoyaficha hata kwa mama zao. Wote wangelindwa na neno langu la "Safi sana," nililoliandika bila kusoma. Na mwanamke pekee aliyesoma alikuwa akisimangwa kwa kusoma. Nilikasirika. Nikafungua badiliko, nikafuta saini yangu.

"Mimi nimeondoa yangu," nikasema. "Sikusoma. Nilipitisha kwa urafiki."

Fundi wa kona ile alitoa mkono wake kwenye kibodi. Bosi haandiki msimbo, kwa hiyo hana saini. Alitutazama mmoja mmoja, akatoka nje kuzipigia simu zahanati, na maneno aliyotuachia siyarudii hapa.

Ijumaa tulikaa watatu. Mwepesi aliuingiza mlango ndani ya kundi, akaongeza ukaguzi wa mwenye faili, na Dada Nani akamsimamia aandike majaribio: asiyejitambulisha akataliwe, mgonjwa mwingine akiomba ya 2216 akataliwe, 2216 mwenyewe apewe. Tukakubaliana pia kwamba kuanzia sasa mlango wowote mpya uzaliwe umefungwa, na anayetaka kuufungua aandike sababu. Mlango ule ulitoka Jumatano. Hakuna zahanati iliyokufa kwa siku mbili.

Tulipomaliza nikamuuliza, nikitania bado, kwa nini siku zote ni 2216.

Alivua miwani ikaning'inia kifuani.

"Ni namba ya faili," alisema. "Mwanamume alikuja dirishani, akasema ni la mke wake, ametumwa. Foleni ilikuwa ndefu na yeye alikuwa na adabu. Nikampa. Sikumuuliza kitu." Alilifunika kopo lake taratibu. "Yule dada mwenye faili alikuja baada ya siku tatu. Alikuwa na mkono kwenye bendeji. Hakunigombeza. Aliniuliza tu nilimpa nani."