Mauzo Hewa

Kila asubuhi, kabla ya kukaa, shangazi yangu alifuta kikokotoo chake kwa kitambaa, kitufe kimoja kimoja, kama anayemnawisha mtoto uso. Alikuwa mhasibu wa kiwanda cha kushona sare.

Siku barua ya kodi ilipofika, bosi aliisoma amesimama.

"Miaka mitatu mfululizo tunakula hasara. Kodi ya nini? Faida wameiona wapi?"

"Hii haiangalii faida, bosi," shangazi akasema. "Ukiripoti hasara miaka mitatu, wanatoza asilimia ya mauzo. Umeuza, unalipa."

"Kwa hiyo hata mgonjwa anatozwa kwa kupumua!"

Fundi mkuu alicheka kutoka kwenye meza ya kukatia. Shangazi hakucheka. Alijua kwa nini kodi ile ilikuwa kubwa hivyo.

Tangu oda za shule zipungue, bosi alikuwa akiuza viwanja vyake kimyakimya ili mishahara itoke. Fedha hizo alimwambia shangazi aziandike kama mauzo. Kila mwisho wa mwezi shangazi alisimama mbele ya mafundi akawasomea mauzo, nao wakapiga makofi, wakarudi kwenye cherehani na moyo mpya. Sasa viwanja vilikuwa vinatozwa kodi kama sare.

Shangazi alitengeneza hesabu upya. Fedha za bosi akaziandika kama mkopo wake kwa kampuni, akaambatanisha taarifa za benki, mikataba ya viwanja na barua ya maelezo. Bosi akaishika kalamu, asisaini.

"Nikisaini, dada, mafundi wataniona mwongo."

"Usiposaini, kodi itameza mishahara yao. Chagua."

Akasaini, bila kumwangalia.

Ofisa wa kodi alipitia karatasi kwa muda mrefu.

"Hasara imeongezeka, mauzo yamepungua. Kwa nini mliandika hivyo mwanzo?"

"Ili watu wasikate tamaa."

"Kukata tamaa si kifungu cha sheria, mama." Alisema kwa upole. "Kodi ya mauzo ya kweli iko palepale. Ya hizi fedha nyingine tutaiondoa. Faini ya kuleta taarifa ya kodi isiyo sahihi mtalipa."

Mishahara ikapona. Mwisho wa mwezi shangazi akasimama tena mahali pake, akasoma mauzo ya kweli, kisha akaeleza kuwa yale ya zamani hayakuwa ya kweli yote. Hakuna aliyepiga makofi.

"Kwa hiyo miaka yote hii," fundi mkuu akauliza, "tulikuwa tunapigia makofi nini, dada?"

"Viwanja vya bosi."

"Na mwezi ujao utatusomea nini tukuamini?"

Shangazi alilifunga daftari lake. Bosi alimwambia akae, mambo yatapoa. Shangazi akatikisa kichwa, akaweka funguo za kabati la hesabu mezani, akachukua mkoba wake na kupita katikati ya cherehani. Alitoka kwa mlango wa mbele. Kesho yake hakwenda kazini, wala kesho kutwa.