Majina Arobaini na Moja

Kitabu cha ushonaji hakikumsumbua Bi Sindano. Baada ya miaka thelathini ya kufundisha kukata na kushona, kilitoka chenyewe. Kilichomtoa jasho ni tabaruku, yale maneno ya kumtunukia mtu kitabu. Aliandika majina arobaini na moja, na kila jina akalipamba kwa sifa. Ukimtaja shangazi ukamwacha mjomba, umekwisha!

Mpanga kurasa wa kiwanda cha uchapaji akazishika zile karatasi, akacheka mpaka miwani ikamteleza.

"Mama, hii si tabaruku, hii ni orodha ya waalikwa wa harusi. Tena unataka itangulie jina la kitabu?"

"Mgeni hukaribishwa mlangoni, baba."

"Mlango ndio huo ukurasa wa jina. Nyuma yake hakimiliki. Halafu tabaruku, upande wa kulia, peke yake, mgongoni pake patupu. Ndipo yaliyomo. Hawa ndugu zako wote tutawapeleka kwenye Shukrani kule mwishoni, watakaa kwa raha. Hapa weka mtu mmoja."

"Mmoja! Unataka wanitenge?"

Kidole cha mpanga kurasa kilikuwa kimesimama kwenye jina la ishirini na tisa. "Huyu 'Dada' mbona hana sifa hata moja?"

Bi Sindano akanywea. Jirani aliyemwazima mkasi kapewa mistari mitatu, na dada yake mkubwa, aliyemlea, hana kitu! Haikuwa kusahau. Mama yao alipofariki, dada aliacha shule akaenda kufanya vibarua vya kushona, ili mdogo wake asome. Watu wakiuliza, alijibu, "Hesabu zilinishinda." Miaka arobaini jibu ni hilo hilo, na Bi Sindano hakuthubutu kumpinga. Sasa amuumbue kitabuni?

Akaomba kalamu, akaandika mstari mmoja. "Usichape mpaka nirudi," akasema. "Akikataa, basi."

Jioni hiyo alimkuta dada jikoni akichambua mchele. Akamwekea mbele ule ukurasa, karibu wote mweupe.

*Kwa Dada, aliyeacha shule ili mimi nisome.*

Dada akausoma. Akaugeuza nyuma, akakuta patupu, akaugeuza tena.

"Nani kakwambia uongo huu? Mimi hesabu zilinishinda."

"Nililiona daftari lako la hesabu, Dada. Mwalimu kaandika ulikuwa wa kwanza darasa zima."

Dada akaweka ungo chini. Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, huku amekasirika kweli kweli.

"Mjinga wewe! Umeliona lini?"

"Siku ile ulipoacha."

"Na ukanyamaza miaka yote hiyo?"

"Wewe si ulinyamaza?"

Dada akaunyoosha ukurasa vizuri juu ya paja. "Wapelekee wachape," akasema. "Na ole wako uongeze neno."