Maji ya Nepi kwenye Shina la Mgomba

Mwanangu alipoanza kutambaa nilifurahi siku tatu. Siku ya nne akaanza kuharisha.

Tulikuwa tunaishi Izigo, kwa wazazi wa mume wangu, katika nyumba iliyozungukwa na kibanja kama nyumba nyingi za kwetu: migomba imesogea hadi karibu na mlango wa jikoni, na mibuni chini yake. Mume wangu alifanya kazi Bukoba mjini, akirudi Jumamosi. Baba mkwe alikuwa ameshafariki. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, mama mkwe, na mtoto wa miezi minane aliyeifikia kila kona kwa magoti, na kila alichokiokota kilienda mdomoni.

Kuhara kukaisha, kukarudi. Ndani ya miezi miwili mtoto aliharisha mara tatu. Kwenye kadi ya kliniki ule mstari wa uzito uliokuwa unapanda ukalala, kisha ukaanza kushuka, na mapaja yake yaliyokuwa na mikunjo yakabaki ngozi inayocheza. Niliogopa. Nami nikiogopa huwa nakasirika, na nikikasirika lazima nimpate mtu.

Nilimpata mama mkwe. Alikuwa na tabia ya kurudi kutoka kwenye mibuni, kujipangusa kwenye kitenge, na kumkalisha mjukuu wake mapajani. Anachukua kipande cha matoke, anakiponda kwa vidole vyake, anamlisha. Mimi nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne. Nilichemsha maji ya kunywa na kuyafunika. Kila nilipoviona vile vidole nilijisemea, ugonjwa ndio huo, wala hauhitaji kutafutwa.

Baada ya kuhara kwa mara ya tatu nilimwambia. Si kwa heshima. Nilimwambia mbele ya jirani yetu aliyekuja kuomba moto, kwamba kuanzia leo mwanangu asilishwe na mtu mwingine, maana mikono mingine inatoka shambani moja kwa moja. Mama mkwe alimweka mtoto kwenye mkeka taratibu, akaenda kumalizia kupalilia. Kesho yake asubuhi alifunga nguo mbili kwenye kitenge akaenda Kanazi kwa binti yake. Mume wangu aliponipigia simu nilimwambia mama amekwenda kupumzika.

Nilibaki na mtoto wangu na usafi wangu. Nilifagia, nilichemsha, nilifunika. Siku tisa baadaye mtoto akaharisha mara ya nne, vibaya kuliko zote.

Ilianza alfajiri. Kufika saa nne macho yalikuwa yamezama, analia bila machozi. Nilimbeba hadi zahanati nikitembea kwa haraka iliyokaribia kukimbia. Muuguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya kawaida kabisa, alimfinya ngozi ya tumbo, akaiangalia ikirudi polepole. Alichanganya pakiti ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, akanipa kikombe na kijiko, akaniambia nimnyweshe kidogo kidogo bila kuacha, akitapika nisubiri dakika kumi kisha niendelee, na katikati nimnyonyeshe. Alinionyesha dalili za kumwita haraka: akilegea, akishindwa kunywa, au kukiwa na damu. Nilinywesha. Yeye akavuta kiti, akaanza kuniuliza.

"Nani anamlisha mtoto?"

"Mimi tu," nikasema, kwa fahari hata pale.

"Akijisaidia, kinyesi unapeleka wapi?"

"Ni cha mtoto tu, waitu mama. Nafua nepi, maji namwaga kwenye mgomba."

"Mgomba upi?"

Kwetu kibanja hulishwa. Maganda, majivu, samadi, maji machafu, kisichofaa tena ndani ya nyumba hupelekwa kwenye shina la mgomba, na mwanamke anayetupa vitu hivyo mbali huonekana mpotevu. "Ule wa karibu na jikoni," nikamwambia. "Unazaa vizuri."

"Kuku mnao?"

"Tunao sita."

"Wanachakura wapi?"

Walichakura pale pale, kisha wakaingia jikoni na miguu yao, na nyuma yao mtoto akapita na viganja vyake.

"Na ukimaliza kufua, mikono unanawaje?"

"Nasuuza. Si ilikuwa kwenye sabuni muda wote?"

"Ilikuwa kwenye maji ya kinyesi muda wote," akasema. "Halafu?"

Mficha uchi hazai, nikamwambia yote. Halafu natia uji kwenye chupa ya kunyonyea. Uji naupika asubuhi, unakaa hadi jioni ukiwa vuguvugu, namwongezea kila akilia. Chupa naisuuza kwa maji. Chuchu ikianguka chini naipangusa kwenye khanga.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema kinyesi cha mtoto kina vijidudu kama cha mtu mzima, hata akiwa ananyonya, na kiende chooni, pamoja na maji ya kwanza ya nepi. Nioshe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka baada ya kumsafisha, baada ya choo, kabla ya kupika na kabla ya kulisha, na viganja vya mtoto pia. Uji upikwe kidogo, uliwe ukiwa mpya, na kilichobaki kichemke tena vizuri kabla ya kumpa. Chupa niiache, nitumie kikombe na kijiko vilivyooshwa kwa sabuni. "Na yeyote anayemlisha afanye hivyo hivyo," akasema. Mikono ya mama mkwe nayo ilihitaji sabuni, kweli. Lakini mama mkwe alikuwa Kanazi. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la zahanati nikiliona langu.

Jioni mtoto alikojoa, nikalia kama mtu aliyepewa shamba. Tuliondoka na pakiti nyingine za ORS na vidonge vya zinki vya siku kumi, nami nilimpa vyote hata alipokuwa ameshapona.

Nyumbani nilichimbia miti miwili mlangoni pa jikoni, nikaning'iniza dumu dogo lenye tundu na kamba ya kukanyagia, kile wanachokiita kibuyu chirizi, na kipande cha sabuni pembeni. Kuku niliwajengea banda. Kisha nilimpigia mama mkwe simu. Nilimweleza kila kitu alichosema muuguzi, na mgomba, na chupa. Nikamwambia, "Mama, nilikukosea. Aliyekuwa anamuumiza ni mimi." Akauliza kama mtoto anakula.

Alikuja keshokutwa yake. Mtoto alimwona kutoka kwenye mkeka, akatambaa kumfuata huku akipiga kelele. Mama mkwe hakuinama. Alisimama mlangoni mikono ameificha nyuma, mwanamke aliyezaa na kulea watoto saba, akaniangalia kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

"Nimshike?" akaniuliza.

Nilimwelekeza kwenye dumu, nikakanyaga ile kamba, akanawa kwa sabuni, katikati ya vidole, hadi kwenye viwiko, muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Alipomaliza nilidhani atamchukua mtoto. Badala yake aliweka mguu wake kwenye kamba.

Mkwe hamnawishi mke wa mwanawe. Haijafanyika kwetu.

"Leta mikono yako, mwana wange," akasema.