Ngozi ya Mashine

Mpaka leo mtu akiniambia "ni karatasi ya kawaida tu, mama, kila mtu anatia alama," huisukuma mbali bila kuigusa. Wanangu hunicheka. Wacheke. Wao hawakumjua mdogo wangu wa kiume alipokuwa bado na matumaini.

Wakati ule Mjerumani ndiye mwenye nchi, na reli ilikuwa imefika Dodoma si muda mrefu. Kila kitu kilikuja na reli: chumvi ya magunia, mabati, vibarua wa kila kabila. Vibarua wale walikula unga kama nchwa wanavyokula boriti. Hawakutaka mtama wala uwele wa punje, maana hawakuwa na wake wa kuwasagia. Mimi nilikuwa nasaga kwa jiwe na kuwapelekea kambini, nusu siku kwa mguu kutoka kwetu, na kila nikifika unga ulikuwa umekwisha kabla sijaketi. Magoti yangu ya leo ni kazi ya jiwe lile.

Duka kubwa la karibu na stesheni, la Mzungu mmoja, lilikuwa limeweka mlangoni mashine ya kusagia ya mkono. Chuma kitupu, kimepakwa rangi nyekundu, kina mpini wa kuzungusha na sahani mbili za meno zinazosagana. Karani wa duka, mtu wa pwani, msafi, kanzu imepigwa pasi, alitia ndani konzi ya mtama mbele ya macho yetu. Unga ukashuka mweupe. Mume wangu, ambaye kwa kawaida hata akiona mvua husema ngoja kwanza, hakulala siku ile kwa hamu.

Hatukuwa na rupia. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa na ng'ombe. Watatu, waliotoka katika mahari yangu mimi, na baba kabla ya kufa alisema hao ndio wa yeye kuolea mke. Msichana alikwisha kupatikana, kwao Mlali. Mbuzi jike wa uchumba alikwisha kupelekwa na kupokewa, na wazee wake walikubali kungoja ng'ombe mpaka mavuno yamalizike. Mume wangu akamwendea mdogo wangu na kumwomba: tuuze ng'ombe sasa, tuchukue mashine, na mavuno yakimalizika unga utakuwa umenunua ng'ombe watatu wengine, labda wanne. Mdogo wangu alinitazama mimi, si yeye. Mimi nikatikisa kichwa kukubali. Basi akauza.

Rupia za ng'ombe hazikutosha bei yote. Karani akasema si neno, kilichobaki tutalipa kidogo kidogo baada ya mavuno, duka linatuamini. Akatoa karatasi iliyopigwa chapa, na nyuma yake alikuwa na rundo la nyingine kama hiyo hiyo, zote sawa, zenye mapengo ya kujaza jina na bei. Mbele maandishi makubwa, nyuma maandishi madogo kama mayai ya chawa, yote ya Kijerumani. Mume wangu aliuliza yanasemaje. Karani akajibu kwamba yanasema umenunua mashine na utalipa, maneno ya kawaida. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata yeye Kijerumani alikijua cha kusalimia tu. Mume wangu, ambaye hakuwahi kukanyaga kanisa, alichora msalaba mahali alipoonyeshwa. Tulipewa nakala yetu, na mashine yetu ikatoka ghalani ikiwa imepigiliwa misumari ndani ya sanduku. Ile ya mlangoni ilibaki mlangoni.

Sisi watu wa Ugogo mtu akitaka kutuuzia mbuzi kwenye gunia tunamcheka. Lakini sanduku tulilibeba, kwa wimbo.

Na hatukulifungua. Nawaambia ukweli, wala sioni haya: ilikuwa miezi ya njaa, mtama ulikuwa shambani bado unatoa masuke, ghala limebaki vumbi na panya. Tungesaga nini? Nani anafungua kitu kipya ili akitazame tu, kiingie vumbi na macho ya majirani? Sanduku lilikaa kwenye pembe ya nyumba, limefunikwa ngozi, na mdogo wangu akija hulipapasa kama anavyopapasa ndama.

Tulipovuna na kupura, tukalifungua. Watu walijaa. Mdogo wangu ndiye aliyeshika mpini kwanza, maana ng'ombe walikuwa wake. Akazungusha, unga ukaanza kushuka, wanawake wakapiga vigelegele, na kabla unga haujafunika kitako cha kikapu mashine ikalia kwa sauti mbaya na mpini ukakwama. Mume wangu alipofungua, sahani ya ndani ilikuwa imepasuka vipande viwili. Pale ilipopasuka palikuwa na ufa wa zamani, wenye kutu, uliozibwa kwa kitu kama nta na kupakwa rangi juu. Unga wote ulikuwa na punje za chuma. Nilimwagia kuku, nikajuta, nikawafukuza kuku.

Hatukuogopa, na hapo ndipo ninapojisikia vibaya zaidi nikikumbuka. Hatukuogopa kwa sababu jambo hili kwetu lina njia yake. Mtu akikuwekea ng'ombe wake umchungie, au mkibadilishana, na ng'ombe akafa si kwa kosa lako, unamchuna, unachukua ngozi unampelekea mwenyewe. Anaitazama, anaona ni ngozi ya ng'ombe wake, anaona hukumla kwa hila. Mnakaa, mnaongea, jambo linatengenezwa. Asiyepeleka ngozi ndiye mwizi. Mume wangu akasema tupeleke ngozi ya mashine. Wakaifunga kwenye mti wa kubebea mabegani, yeye mbele na mdogo wangu nyuma, na vipande vya sahani vimefungwa kitambaani, wakaenda Dodoma.

Walirudi wamefurahi. Karani aliwapokea kwa adabu, akaitazama sahani, akasema pole, akaiweka ghalani, akawapa karatasi nyingine na mume wangu akachora msalaba wa pili. Waliambiwa wangoje. Tukangoja mashine nyingine. Mimi nikarudi kwenye jiwe. Mwezi ukapita na mwingine, na kila tulipokwenda kuuliza, bwana mwenye duka hayupo, kaenda pwani. Watu wa Mlali wakatuma mtu kuuliza habari za ng'ombe. Tukawaambia bado kidogo.

Mwisho mwenye duka akaonekana, na karani akatoka nje kutuletea jibu lake, naye mwenyewe uso umemshuka. Kwa kuwa sisi tumeirudisha mashine, alisema, mkataba umekwisha. Mashine ni ya duka. Rupia tulizotoa ni kodi ya kuitumia.

Nilimwuliza kodi ya kutumia nini. Akarudi ndani.

Tukaenda bomani. Bwana Shauri, Mzungu aliyekuwa akisikiliza mashauri ya watu weusi, alikijua Kiswahili vizuri na hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo ingawa ningependa kusema vingine. Mume wangu alieleza yote, na kuhusu ngozi pia. Bwana Shauri akaomba karatasi zetu mbili. Akaigeuza ile ya kwanza upande wa maandishi madogo, akasoma mpaka mwisho, halafu akatusomea kwa Kiswahili. Neno la kwanza: mashine ni mali ya duka mpaka rupia ya mwisho ilipwe. Neno lingine: mnunuzi akiona kasoro aandike barua ndani ya siku kumi na nne tangu siku ya kuchukua sanduku, asipoandika amekubali kwamba ni nzima. Lingine: mnunuzi akirudisha mashine au kipande chake, amevunja mkataba kwa hiari yake, na alichokwisha kutoa ni kodi. La mwisho: shauri lolote juu ya duka litasikilizwa Dar es Salaam.

Na ile karatasi ya pili, ya kupokea, ilisema kwamba mnunuzi amerudisha mashine kwa hiari yake. Ufa haukutajwa.

Mdogo wangu ndiye aliyeuliza. "Bwana, maneno hayo ni ya haki?"

Bwana Shauri aliiweka karatasi mezani. "Hapana," akasema. "Kwetu Ulaya sheria inamkataza muuzaji anayeuza kidogo kidogo kula fedha zote na kuchukua na kitu. Jaji angelifuta neno hili la kodi."

Mume wangu akasema basi alifute.

"Mimi si jaji wa Wazungu," akasema. "Ninyi mkishtakiwa, nawasikiliza mimi, hapa. Mzungu akishtakiwa, anashtakiwa kwenye baraza la Wazungu, Dar es Salaam, kwa barua ya Kijerumani. Na shauri la kitu kibovu lina muda wake, miezi sita tangu kukipokea. Mmekaa mno."

Tulikaa mno tukingoja mtama uive, tukangoja mwenye duka arudi kutoka pwani. Bwana Shauri akaongeza kwamba ikiwa duka liliujua ufa na kuuficha, muda huo haulizuii shauri, lakini ni lazima kuthibitisha. Akauliza sahani iko wapi.

"Tumewapa," alisema mume wangu. "Ndiyo ngozi."

Bwana Shauri akachukua kalamu. Aliahidi kumwandikia mwenye duka barua ya kumsihi, na naamini aliiandika. Jibu likaja kwamba sahani mbovu zote hupelekwa kuyeyushwa. Kumlazimisha hakuweza. Nje ya boma nilitaka kugombana na mtu, yeyote, na sikuona wa kugombana naye. Karani alikuwa mtumwa wa karatasi kama sisi. Nilimgombeza mume wangu njia nzima.

Siku za mwisho za kiangazi sanduku la mashine lilitoka tena ghalani. Nililiona kwa macho yangu, nimejitwika unga wa jiwe, nikipita stesheni. Mtu wa Kibakwe na mkewe walikuwa wanafunga sanduku kwenye punda. Kama ndiyo yetu iliyotiwa sahani nyingine au siyo, sijui. Nikawaambia walifungue pale pale, mlangoni, mbele ya watu. Yule mwanamke akanitazama kama anavyotazamwa mwenye kijicho, akamwambia mumewe waondoke.

Mdogo wangu alijiandikisha kazi ya reli, akaenda na vibarua upande wa Tabora. Alisema atarudi na ng'ombe. Hakurudi, na ng'ombe hawakurudi.

Hata kabla hajamaliza mwezi huko, wazee wa Mlali walikuja. Binti ameposwa kwingine, hawawezi kumweka zaidi. Sikuwalaumu. Walikuwa wamemleta mbuzi wa uchumba, yule yule jike, amenawiri, na nyuma yake anaruka mtoto ambaye sikumjua. Niliwauliza huyu mdogo ni wa nani.

Mzee wao alinishangaa. "Kazaliwa kwetu, lakini mama yake ni wenu," alisema. "Tungembakizaje?"

Nilishika kamba zote mbili, na mbele ya wageni wale, kabla hata sijawakaribisha maji, nikalia.