Mnunuzi Asiyeulizia Kahawa

Mimi ni mbishi, na ubishi wangu huanza na swali. Nilipokuwa katibu wa chama chetu cha wakulima wa kahawa huko Mkumbi, iliingia barua pepe kutoka kwa mtu tusiyemjua. Alijitambulisha kuwa wakala wa kampuni inayouza kahawa ng'ambo, akatualika kwenye mkutano wa mtandaoni mchana uleule. Ili kujiunga tubonyeze linki, tupakue programu, kisha tukubali kila ambacho kompyuta itauliza.

Mwenyekiti alifurahi mno. Miaka yote alitamani mnunuzi wa moja kwa moja. Alivaa koti lake la kanisani, akaleta ungo wa kahawa kavu na kuuweka mbele ya kamera, kama tunavyowawekea wageni wanaofika ofisini: mtu aguse, anuse, ndipo tuzungumze.

"Fungua, mama katibu. Mgeni asisubiri."

"Ngoja kidogo, mzee. Kwa nini tuweke programu yake?"

Nilisogeza mshale juu ya linki bila kubonyeza. Maandishi ya bluu yalitaja huduma ya mikutano tuliyoizoea, lakini anwani iliyojitokeza chini ya skrini ilikuwa ya kwingine kabisa. Nikazidi kutaka kujua. Mikutano ya ushirika tulikuwa tunaingia kwa kivinjari tu, bila kusakinisha chochote. Programu ya mtu usiyemjua inaweza kumwezesha kuiendesha kompyuta yako akiwa hukohuko aliko, na malipo ya wanachama yalipitia kompyuta ile.

Mwenyekiti alinuna. "Tukimpoteza huyu, wanachama utawaambia nini?"

Swali hilo lilinitia hofu kuliko linki. Nikamwandikia mgeni kwamba tutamtumia linki yetu wenyewe, na nikamuuliza: anataka kahawa yenye ganda au iliyokobolewa?

Jibu lilikuja upesi. "Kahawa yoyote. Sakinisheni kwanza."

Mwenyekiti alilisoma, akalirudia. Wanunuzi tunawajua kwa usumbufu: unyevu, ukubwa wa punje, mliichachusha vipi. Hakuna aliyewahi kutuambia "kahawa yoyote".

Hata hivyo nilitaka uhakika. Nikaitafuta mwenyewe tovuti ya kampuni hiyo, nikapiga namba iliyokuwa pale, si ile ya kwenye barua. Dada aliyepokea alisema hawana wakala wa jina hilo wala mkutano wowote siku hiyo. Nikaizuia anwani ya yule mtu.

Nilikuwa nimepata jibu langu, na kwa dakika moja nilijisikia mjanja. Kisha mwenyekiti akavua koti.

"Kwa hiyo hakuna aliyeiulizia kahawa yetu."

"Hakuna, mzee."

Iliniuma kusema hivyo. Aliunyanyua ungo kwa mikono miwili, akaurudisha stoo, akitembea taratibu ili isidondoke hata punje.