Ikisiri ya Kawaida

Mwaka 1977, mtu wa Tabora aliyetaka barua iliyopigwa chapa vizuri alikwenda kwa Bi Nargis. Mashine yake ilikaa dukani kwa baba yake, mzee Abdulrasul, pembeni mwa majora ya kanga na kaniki, na mlio wake ulisikika mpaka barabarani. Ndugu zake wote walikwisha kuhamia ng'ambo. Yeye alibaki, na ukimuuliza kwa nini, alikujibu kwamba mashine ni nzito kubeba.

Alikuwa hodari, hilo hakuna aliyebisha. Ila umahiri wake ulikuwa na siri, na siri hiyo ilikaa kwenye droo. Humo alihifadhi mifano: ombi la kazi, ombi la uhamisho, rambirambi, pongezi kwa katibu mpya wa tawi. Wateja waliijua droo hiyo kama wanavyojua vyakula vya hotelini. Mtu anaingia, anasema, "Bi Nargis, nipigie ombi la likizo, lile la kawaida," kisha anakwenda kunywa chai. Akirudi anaikuta barua imekamilika, na likizo anaipata. Watu walizoea hivyo, na yeye aliwazoeza.

Ndiyo maana Dionis hakuona ajabu yoyote alipoingia Alhamisi moja asubuhi, bahasha mkononi, mkoba begani, shati limemkaa kama aliyelala nalo. Alikuwa kijana wa Ipole, mwanafunzi wa shahada ya pili Dar es Salaam, na alikuja nyumbani kwa mazishi ya shangazi yake.

"Shikamoo, Bi Nargis."

"Marahaba, baba. Poleni na msiba."

"Tumekwisha poa. Naomba unipigie ikisiri, ule muhtasari wa tasnifu yangu. Chuo wameniandikia kwamba tasnifu imefika ila ule ukurasa wa ikisiri haumo. Isipofika Jumatatu, wataalamu hawaisomi mpaka mwakani. Nasafiri na treni ya leo jioni."

"Haya, ilete niipige."

"Sina. Nataka uniandikie. Maneno mia tatu, ya kisomi kisomi. Kiingereza chako kinatosha."

"Tasnifu yenyewe iko wapi?"

"Nakala zote ziko Dar."

"Inahusu nini?"

Dionis akatazama majora ya vitambaa. "Wewe andika tu, Bi. Ile ya kawaida."

Mtu mwingine angemfukuza. Nargis, kwa kiburi chake cha miaka ishirini, alipachika karatasi. Hakuwahi kushindwa na barua, atashindwa na ukurasa mmoja? Vidole vikaenda vyenyewe. Kwa nusu saa alisuka maneno yaliyonyooka: utafiti huu unachunguza suala muhimu kwa maendeleo ya taifa, data zilikusanywa kwa njia mwafaka, matokeo yanaonyesha kwamba yapo mafanikio na zipo changamoto, utafiti zaidi unapendekezwa. Akaichomoa karatasi, akamsomea Dionis kwa Kiswahili, akiwa ameridhika kabisa.

"Nzuri," akasema Dionis, bila furaha.

Hapo mzee Abdulrasul, ambaye muda wote alikuwa akikunja kitambaa na kujifanya hasikii, akauliza, "Huyu kijana anasomea barabara?"

"Hapana, mzee."

"Samaki?"

"Hapana."

"Basi ajabu. Maana hiyo karatasi inafaa barabara, inafaa na samaki."

Nargis aliona uso unamwaka moto. Aliisoma tena karatasi yake kimoyomoyo, na kweli, haikuwa na kitu ndani. Ombi la likizo linaweza kufanana na la jirani na lisimdhuru mtu. Lakini huyu kijana alikuwa na kazi ya miaka miwili, na yeye alikuwa ametaka kuipeleka mbele ya wataalamu ikiwa uchi. Alichukia, na aliyemchukia ni yeye mwenyewe. Akaichana vipande viwili.

"Keti, Dionis. Siwezi kufupisha kitu nisichokijua. Nitakupigia karatasi yenye nafasi tupu, na nafasi utazijaza wewe." Akapiga mistari minne, yenye mapengo mapana: Nilichunguza. Nilifanya hivi. Niliona. Maana yake. "Anza. Ulichunguza nini?"

Dionis akaushusha mkoba begani. Halafu, kwa sauti ya chini: "Wafuga nyuki wa kwetu, Bi. Tangu serikali ilipowahamishia watu kijiji kipya cha barabarani."

"Sasa hilo ndilo la kuficha?"

"Mizinga ilibaki msituni, watu wakaletwa barabarani. Asali imepungua. Unadhani nani anataka kusoma hivyo mwaka huu? Humo ndani nimeandika yote. Ila ikisiri ndiyo kila mtu anaisoma, hata asiyefungua ukurasa wa pili. Kila nikikaa kuiandika, kalamu inagoma. Na baba yangu yumo katika hao watu."

Kumbe ukurasa ule haukukosekana kwa usahaulifu. Nargis alimhurumia sana, lakini hakuiacha mashine.

"Ulijuaje kwamba imepungua? Ulisikia, au ulipima?"

Kijana akafungua mkoba na kutoa daftari lililochakaa, lenye madoa ya nta. Wafugaji arobaini na wanane, vijiji viwili, misimu miwili ya kurina asali. Aliwahoji wote, akatembea nao mpaka kwenye mizinga ya magome, akapima kila debe. Waliotembea zaidi ya saa tatu kwenda msituni walipata kidogo kuliko wengine wote. Lakini kikundi kimoja kilijenga kambi huko huko msituni, wakapeana zamu ya kulinda mizinga, na asali yao haikupungua msimu wa pili.

"Mbona hukuanza na hili la kambi?" Nargis akaruka kitini. "Hili ni jambo la kuwafaa watu! Na kabla ya kuhama, ulipima?"

"Hapana, nilianza baadaye. Ya zamani walinisimulia."

"Basi tuseme hivyo hivyo, kwamba ya zamani ni ya kusimuliwa. Wastani wa waliokuwa na kambi ni madebe mangapi?"

"Saba. Au tisa? Hesabu ya mwisho iko kwenye tasnifu."

"Simwandikii mtu saba au tisa." Akaacha nafasi tupu. "Utaijaza Dar kwa kalamu, ukishaona kwa macho."

Walipomaliza jua lilikuwa halijafika magharibi. Maneno mia mbili na themanini, na pengo moja. Dionis aliisoma mara mbili, akaifunga ndani ya daftari, akatembea kwenda stesheni akiwa mtu mwingine, mabega juu.

Ilipita miezi saba. Siku moja mzee mmoja mwembamba aliingia dukani na kibuyu cha asali na kitabu chenye jalada jeusi.

"Shikamoo, mzee," akasema Nargis.

"Marahaba, mama. Mimi Kasimiri, baba yake Dionis. Ameshinda. Amenituma nikuletee hiki, anasema wewe utanisomea ule ukurasa wa mbele."

Nargis alifungua. Pale alipoacha nafasi palikuwa pameandikwa tisa, kwa wino wa bluu. Akamsomea kwa Kiswahili, taratibu: mizinga iliyoachwa msituni, saa tatu za kutembea, asali iliyopungua, kambi na zamu zake. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa. Nargis alipomaliza, mzee akapangusa macho kwa kiganja.

"Ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Nilidhani kaona haya kutuandika."

Kabla Nargis hajajibu, mteja mwingine alichungulia mlangoni, kofia mkononi. "Bi Nargis, nipigie ombi la uhamisho, lile la kawaida."

Nargis akaisukuma droo kwa goti mpaka ikafungika.

"Ingia, keti," akasema. "Kwanza niambie kwa nini unataka kuondoka."