Mashahidi wa Mtamba Mmoja

Nilikuwa mwalimu katika kijiji cha ujamaa nje ya Tarime samansi ya Mahakama ya Mwanzo iliponifikia. Ndoa ya binti wa jirani yangu ilikuwa imevunjika, na mkwewe alimdai arudishe ng'ombe wa mahari; walibishania mtamba mmoja. Nilikuwepo zizini siku ya kuwapokea, upande wa jirani.

Niliandika barua ya kuomba ruhusa, nikaambatanisha samansi, nikampelekea mwalimu mkuu.

“Mwalimu, mahakama ikikuita huombi, unatoa taarifa tu,” alisema akisaini. “Samansi kaa nayo, karani ataitaka. Akuandikie pia kwamba ulifika.”

Kisha akatoa samansi yake mfukoni: kesi ile ile, siku ile ile, upande wa mkwe. Yeye alishamwarifu Afisa Elimu. Nilinuna.

Lakini siku ya kesi baiskeli ya kutufikisha mahakamani ilikuwa yake, nikapanda nyuma. Mlimani tulishuka tukaisukuma pamoja, hatukutaja ng'ombe.

Mahakamani niliapa kwamba mtamba yule hakufika zizini. Yeye akaapa kwamba alimswaga mwenyewe hadi humo.

Tulipotoka, alipangusa vumbi kwenye keria.

“Panda, Mwalimu,” akasema.